Siku Moja Maishani Mwangu: Wanafunzi 96 na Walimu 16 Katika Picha Moja

Saa 12:15 asubuhi. Nimefika shuleni, hapa Tanga, kabla ya kengele ya kwanza, kwa sababu picha ya mahafali ya kidato cha nne hutegemea kivuli. Mwezi wa Oktoba jua letu hupita karibu utosini ifikapo saa sita mchana, na nuru ya namna hiyo hutia giza kwenye macho ya kila mtu. Jengo la ghorofa la madarasa linatazama magharibi, hivyo kivuli chake kinaangukia uwanjani asubuhi kisha kinazidi kufupika. Nimekwishamweleza Mkuu wa Shule kwamba ifikapo saa tatu kamili kivuli kitakuwa na upana wa mita sita hivi, na kwamba nataka picha iwe imekwisha kabla ya hapo, ingawa ratiba iliyochapishwa imeiweka baada ya hotuba.

Saa 1:00. Mimi na kijana wangu wa kazi tunapanga vifaa, na hapa ndipo hesabu yenyewe ilipo. Wanafunzi 24 waliosimama bega kwa bega, wakiwa wamegeuka kidogo upande, huchukua karibu mita 11, nasi tunahitaji safu nne za namna hiyo pamoja na safu ya walimu. Mbele tunatandika majamvi, nyuma yake tunaweka viti, nyuma ya viti tunaacha nafasi ya kusimama chini, kisha tunapanga mabenchi yenye kimo cha sentimita 45, na mwisho kabisa meza za darasani zenye kimo cha sentimita 75, zikiwa zimeegeshwa ukutani. Kila meza naipanda mimi mwenyewe na kuitikisa kwa miguu, na mbili zinazocheza tunazirudisha darasani. Ncha za kila safu tunazivuta mbele kama nusu mita ili safu ipinde kidogo, kwa kuwa wanaosimama pembeni wakipangwa kwa mstari ulionyooka huwa mbali zaidi na kamera na nyuso zao hutazama kando.

Saa 1:40. Mwalimu wa nidhamu anawaleta wanafunzi, na baada ya shikamoo na marahaba anataka kujua kama awapange wafupi mbele na warefu nyuma, kama ilivyo desturi. Desturi hiyo ni sahihi pale ambapo wote wanasimama chini. Palipo na mabenchi na meza, kinachopaswa kuhesabiwa ni kimo cha mtu pamoja na kile anachokanyaga. Tukiweka wenye sentimita 158 chini, wenye 165 kwenye benchi na wenye 172 juu ya meza, vichwa vitakuwa kwenye 158, 210 na 247. Wote wataonekana, lakini pengo la kwanza ni sentimita 52 na la pili ni 37, na mtazamaji ataona makundi mawili yaliyotenganishwa na ukanda wa vifua. Nikiwasimamisha wenye 172 chini, wenye 158 kwenye benchi na wenye 165 juu ya meza, vichwa vinakuja kwenye 172, 203 na 240, yaani mapengo ya 31 na 37, ambayo yanakaribiana na yanatosha uso na shingo kuonekana bila kuacha uwazi mkubwa. Mwalimu anacheka kwamba leo warefu wamenyimwa meza.

Ugumu wa pili ni mikondo. Shule inataka mikondo ya A, B na C ionekane kila mmoja mahali pake, na ukiupa kila mkondo safu yake, kimo kinavurugika, kwa sababu kila mkondo una warefu na wafupi wake. Kwa hiyo tunaigawa picha kwa wima badala ya ulalo: A upande wa kushoto, B katikati, C kulia. Kila mkondo una watu 32, nao wanajipanga kwa kimo kuanzia mrefu hadi mfupi, kisha ninakata mstari kila baada ya watu wanane. Wanane wa kwanza wanasimama chini nyuma ya viti, wanane wanaofuata wanapanda meza, wa tatu wanapanda mabenchi, na wanane wafupi zaidi wanakaa mkekani.

Ndani ya safu, watu wengi huweka mrefu katikati ya kila kundi, na matokeo yake ni mawimbi matatu kwenye safu moja. Mimi huwapanga B ili mrefu wao awe katikati, kisha A na C wanashuka taratibu kuelekea ncha, mrefu wa kila kundi akiwa jirani na B, na safu nzima inakuwa na mgongo mmoja.

Mwanafunzi mmoja wa C anatumia kiti cha magurudumu. Hapaswi kuwekwa peke yake mbele ya picha kana kwamba ni mgeni. Tunamweka mwisho wa safu ya viti upande wa C, mbele kidogo ya wenzake wa mkondo huo, na wa C mkekani wanabaki saba.

Saa 2:15. Wanapanda: meza kwanza, mabenchi, wa chini, kisha wa mkekani, wasichana wakikunja miguu upande mmoja. Walimu tunawaita mwisho kabisa, Mkuu akiwa katikati, ili wasikae kusubiri. Kofia za mahafali naomba zishikwe mkononi kwa picha hii, kwa sababu ule ubao wa juu una upana wa kutosha kufunika kidevu cha mtu wa nyuma.

Napanda ngazi ya mita mbili, nikiwa umbali wa mita 17 hivi, na lenzi ya milimita 50. Lenzi pana zaidi ingeniruhusu kusogea karibu, lakini ingewanenepesha wa pembeni. Uwazi wa lenzi ni f/8 na kasi ni 1/200. Kisha natoa agizo ninalolitegemea kuliko yote: kila mmoja afunge jicho la kushoto, halafu la kulia, na ambaye jicho lake lolote halioni lenzi anyooshe mkono. Mikono minane inanyooka, karibu yote kwenye mabenchi upande wa A, ambako rafiki wawili wamebadilishana nafasi kimyakimya ili wakae pamoja. Wanarudishwa, safu inasogezwa nusu bega ili kila kichwa kikae kati ya mabega mawili ya mbele, na mikono inashuka.

Saa 2:40. Napiga picha 12 mfululizo bila mtu kusogea. Piers Barnes na Nic Svenson wa CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia, waliwahi kutoa kanuni kwamba kwa kundi lisilofika watu 20, penye nuru nzuri, ugawe idadi yao kwa tatu upate idadi ya picha za kupiga ili moja isiwe na aliyefumba macho. Kwa watu 112 kanuni hiyo haitusaidii, na nyuso mbili tatu zitachukuliwa kutoka picha nyingine za mfululizo huohuo.

Saa 2:50. Wanashuka safu baada ya safu, kuanzia kushoto, wakipita mbele ya kiranja anayeandika majina kwa mpangilio huo. Meza zinashuka mwisho, mtu mmoja mmoja, huku walimu wawili wakizishika.

Saa 10:00 jioni. Studio. Nakuza picha kwenye kompyuta na kuzipitia nyuso safu kwa safu, nikilinganisha na orodha ya kiranja. Safu ya mabenchi ina nyuso 24 na majina 23, kwa hiyo nampigia mwalimu wa nidhamu kabla sijachapa maelezo ya chini ya picha.