Koili moja, kapasita moja, na Q tatu tofauti

Nilihitaji kichujio cha MHz 1 chenye upana wa bendi wa kHz 10 hivi. Koili nilikuwa nayo: µH 100, imesukwa kwenye kiini cha feriti chenye umbo la pete. Kwa kanuni

```
f = 1 / (2π√(LC))
```

kapasita inayotakiwa ni pF 253, na hiyo hupatikana kwa kuunganisha pF 220 na pF 33 sambamba. Nilitumia za maika kwa sababu upotevu wake ni mdogo, hivyo lawama zote za Q, yaani masafa ya rezonansi ukiyagawa kwa upana wa bendi, ningeweza kuiachia koili.

Probu ya oskiloskopu nayo ina kapasitansi yake. Yangu, ikiwa kwenye x10, ina pF 15, na ukiigusisha kwenye kapasita inajumlishwa humo humo. Rezonansi ingeshuka hadi kHz 972 hivi. Kwa hiyo niliiondoa ile ya pF 33, nikaweka ya pF 18, probu ikamalizia zilizobaki.

Nilianza na mfululizo: jenereta ya mawimbi, koili, kapasita, probu ikiwa kwenye kapasita. Kilele kilikuja MHz 1 kama ilivyotakiwa, ila kilikuwa butu kama kilima. Kupima upana ni rahisi: rekebisha kilele kijaze miraba 7 ya kioo, kisha sogeza masafa chini mpaka kibaki miraba 5, andika, halafu fanya vivyo hivyo juu. Tano kwa saba ni karibu sana na 0.707, yaani nusu ya nguvu. Nilipata karibu kHz 90.

Koili haikuwa na kosa. Kwenye mfululizo, `Q = X/R`, na hiyo R ni ukinzani wote ambao mkondo unaupitia. Reaktansi ya koili kwa MHz 1 ni 628 Ω, na jenereta ina 50 Ω zake za ndani. Hata koili ingekuwa haina upotevu kabisa, Q isingevuka 13. Multimita nayo haisaidii hapa: ilisoma 1.2 Ω, lakini huo ni ukinzani wa mkondo mnyoofu. Kwa MHz 1 mkondo hukimbilia juu ya uso wa waya, na kiini nacho kinakula nguvu yake.

Nilichofanya ni kuweka rezista ya 1 Ω kutoka kwenye mdomo wa jenereta hadi ardhini, kisha nikaulisha mzunguko kutoka juu ya rezista hiyo. Sasa mzunguko unaona chanzo chenye takriban 1 Ω tu. Volti za kuulishia zinashuka sana, ila rezonansi yenyewe inazipandisha mara Q kwenye kapasita: volti 0.2 zikawa karibu 17. (Angalia kapasita zako zinahimili volti ngapi kabla ya kujaribu kwa nguvu kubwa.) Upana ukawa kHz 11.6, yaani Q ya 86. Gawa 628 kwa 86 upate 7.3 Ω, toa 1 Ω ya chanzo, zinabaki 6.3 Ω. Huo ndio ukinzani halisi wa koili, na Q yake peke yake ni 100.

Nikaviunganisha sambamba. Huku mambo yanageuka: upotevu ule ule wa 6.3 Ω unaonekana kama rezista kubwa iliyokaa sambamba na mzunguko, Q mara X, yaani 62.8 kΩ. Kinachoharibu sasa si ukinzani mdogo wa njiani, ni chochote kinachoning'inizwa pembeni. Kuulisha kupitia rezista ya 100 kΩ kulishusha Q hadi 61. Kupitia 1 MΩ ilipanda hadi 94, upana kHz 10.6, ingawa mawimbi yalibaki hafifu.

Hatua inayofuata ya saketi yangu ina ukinzani wa kuingilia wa 47 kΩ. Ukiiunganisha juu ya koili yote, 62.8 na 47 sambamba zinakuwa 26.9 kΩ, Q inaanguka hadi 43, na bendi inatanuka kupita kHz 23. Nilitoa mguu wa tatu kwenye theluthi ya mizunguko ya koili, kuhesabu kutoka upande wa ardhi, nikaunganisha hapo. Kwa uwiano wa 3 kwa 1, mzigo unaonekana mara 9, yaani 423 kΩ, na Q inabaki 87. Hesabu hii inakubali kwa sababu kiini cha feriti kinaifunga mizunguko yote kwa pamoja. Kwenye koili ya hewa iliyolegea tofauti ingeonekana. Gharama yake ni kwamba hatua hiyo inapokea theluthi tu ya volti. Nilikubali, kwa kuwa kuongeza volti kwenye hatua za mbele ni rahisi, ila bendi ikishatanuka hapa, stesheni ya jirani imeshaingia.