Vipisi 145

Jumapili, usiku

Leo nimemaliza kuhamisha hesabu za mwezi kutoka daftarini kwenda kwenye jedwali la kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu Baba aniachie kusimamia karakana ya kuchomea vyuma sikuumwa kichwa. Nimeona niandike yaliyotokea kwenye kazi ya nondo za madirisha manane, maana nilikaribia kumfukuza mtu asiye na kosa.

Zamani hesabu yetu ya vifaa ilikuwa moja tu: pakiti ya rodi za kuchomea ikiisha, nanunua nyingine. Diski ikiisha, nanunua nyingine. Mwisho wa mwezi najua nimetumia pesa, ila sijui geti lipi limekula nini. Nikaanzisha jedwali. Kila kazi ina namba yake, na kila kinachotoka stoo kinaandikwa namba ya kazi kinayokwenda: rodi, gesi, diski, glovu, hata kioo cheupe kinachokinga kile cheusi kwenye kofia ya kuchomea. Kwenye ukurasa wa kazi nimeweka fomula inayokusanya rodi zote zilizotoka kwa namba ile:

```
=SUMIFS(Utoaji!D:D, Utoaji!B:B, A2, Utoaji!C:C, "rodi")
```

Safu B ni namba ya kazi, C ni aina ya kifaa, D ni idadi. Basi. Anayejua kujumlisha atalielewa.

Tatizo ni kwamba ukijua kazi fulani imekula rodi 147, bado hujui kama ni nyingi au ni sawa. Unahitaji kitu cha kulinganisha nacho. Nikamwomba Baba aje achome dirisha la kwanza kwa mkono wake, mimi nikikaa pembeni na kalamu. Alilalamika kuhusu mgongo, lakini alikuja, na sidhani kama alichukia.

Dirisha lilikuwa la mita 1.2 kwa 1.5: fremu ya flatibaa, nondo 11 za kusimama, na kila nondo inachomwa sehemu nne. Hapo ni viungo 44, kila kimoja kina mchomo wa kama sentimita 5 ukijumlisha pande mbili, kisha kona za fremu na masikio ya kushikia ukutani. Baba alitumia rodi za milimita 2.5, zile za urefu wa sentimita 35, akachoma kila moja mpaka ibaki kipisi cha sentimita 5 hivi. Rodi moja ilimpa mchomo wa kama sentimita 20. Dirisha zima lilikula rodi 13. Kwa madirisha manane nikaandika makadirio: 104.

Yaliyobaki saba yalichomwa na kijana wetu. Kazi ilipoisha, pamoja na zile 13 za Baba, jedwali lilisema 147. Rodi 43 zimepita makadirio.

Nakiri jambo la kwanza lililonijia. Nyuma ya karakana yetu hapa Tabata kuna fundi mwingine, na kijana wetu huwa anapita kule jioni kupiga soga. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, likakua. Nikaanza kumjibu mkato. Yeye naye alihisi, akawa ananiamkia "Shikamoo dada" kwa sauti ya chini kama mtu aliyeingia msibani.

Baba ndiye aliyenituliza. Aliniuliza, "Umehesabu vipisi?" Sikuwa nimehesabu. Rodi iliyoibiwa haiachi kipisi, na iliyochomwa lazima iache. Bahati nzuri tulikuwa tunafagia na kutupia takataka za chuma kwenye pipa moja, na mnunuzi wa vyuma chakavu hakuwa amepita. Nikalimwaga pipa sakafuni, nikakaa kwenye kigoda, nikahesabu vipisi 145. Viwili sikuviona, labda vimekanyagwa mchangani. Hakuna aliyeiba kitu.

Ila nilipokuwa nahesabu niliona kuwa vipisi ni virefu. Nikachukua rula nikapima 20 vya kijana bila kuchagua. Wastani ulikuwa sentimita 12.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukiacha sentimita 5, umetumia 30 za rodi. Ukiacha 12, umetumia 23 tu. Kazi inayohitaji rodi 91 kwa vipisi vya Baba itahitaji kama 119 kwa vipisi vya namna ile. Ongeza 13 za dirisha la Baba unapata 132. Zilizobaki kama 15 nilizielewa nilipovitazama vipisi vyenyewe: vingine vilikuwa vimebanduka kabisa unga unaofunika waya, vimebaki waya mtupu. Hizo zilipata unyevu. Pakiti ilikuwa imeachwa wazi juu ya benchi wiki nzima ya mvua, na unga wa rodi ukinyonya maji huchoma kwa kuruka cheche na kubanduka.

Sasa, kwa nini mtu anayejua kuchoma atupe rodi ikiwa na sentimita 12? Nilimwita nikamuuliza kwa upole safari hii. Akanionyesha mkono. Glovu ya kulia ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba na kiganjani ngozi imekauka kama ganda la muhogo. Rodi inavyofupika, mkono unasogelea moto. Ikibaki theluthi anaungua, anatupa, anachukua nyingine.

"Mbona hukusema?"

"Dada, ulisema tubane matumizi."

Nilirudi kwenye jedwali. Safu ya glovu ilikuwa tupu kwa miezi minne. Nilikuwa nimeiona safu ile ikiwa tupu na nikafurahi kwamba hapo hatutumii pesa! Jozi ya glovu za ngozi dukani ninakonunua haifiki bei ya pakiti ya rodi.

Na shida haikuwa glovu peke yake. Alisema rodi zinakuwa nyekundu kabla hazijaisha. Hiyo ni dalili ya moto mkubwa kuliko rodi. Mashine yetu ni ya kusukwa mtaani, ina matundu matatu ya kuchomeka waya na haina kipimo chochote. Niliazima mita ya kubana waya kwa fundi umeme, tukapima asubuhi anapochoma: tundu la kati lilisoma ampea 115. Pakiti ya rodi za 2.5 imeandikwa 60 mpaka 100. Rodi inapitisha umeme mwingi kuliko unene wake, inapata joto yenyewe mpaka unga unapasuka, na kipande cha mwisho hakichomi vizuri tena hata ukiwa na mkono wa chuma. Alihamia tundu lile jioni moja umeme ulipopungua na rodi zikawa zinanata, kisha hakurudisha. Tundu la chini asubuhi lilisoma 85, na rodi ikafika mwisho bila kuwa nyekundu.

Nimeongeza safu moja tu baada ya hapo: urefu wa kipisi. Kila kazi ikiisha tunachukua vipisi 10 kutoka kwenye kopo tunalovitupia siku hizi, tunavipanga mstari mmoja, tunapima jumla na kugawa kwa 10. Inachukua dakika mbili. Kikizidi sentimita 7 naenda kutazama glovu, tundu la mashine na pakiti, kwa mpangilio huo.

Kwenye gesi nilijifunza polepole zaidi. Mtungi wa oksijeni hauna shida: geji inasema kweli. Wetu ni wa lita 40, kwa hiyo ukianza kazi ikiwa baa 120 na ukamaliza ikiwa 85, umetumia 35 mara 40, yaani lita 1,400. Nikafanya vivyo hivyo kwa asetilini na nikapata upuuzi. Asubuhi sindano iko chini, mchana jua likipiga banda inapanda bila mtu kugusa kitu. Asetilini imeyeyushwa ndani ya asetoni iliyomo mtungini, na presha yake inafuata joto zaidi kuliko kiasi kilichobaki. Kipimo chake ni mizani. Tunaupima mtungi kwa mizani ya mwenye duka la mchele jirani kabla na baada ya kazi kubwa, ukiwa umesimama wima, kwa sababu ukilazwa na kutumiwa unatema asetoni. Kilo moja ni lita 900 hivi za gesi. Kwa kazi ndogondogo sihangaiki, naziandikia namba 0, kazi ya karakana.

Diski nimeziharibu mwenyewe, na hili bado linaniuma. Nilipoanza kuandika diski kwa kila kazi, nilisema kwa sauti mbele ya wote kwamba nataka kuona nani anatumia chache. Wiki ya pili nikamkuta kijana ametoa kava kwenye grainda ndogo na kufunga diski ya inchi 9 iliyokwisha kupungua, ili asichukue mpya. Diski ya inchi 9, ile ya milimita 230, imeandikwa mwisho mizunguko 6,650 kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka kama 11,000. Na hakuna kava la kumkinga ikipasuka. Nilimzimia swichi ukutani, mikono inanitetemeka.

Kwa hiyo diski siku hizi nazihesabu kwa kazi tu, bila jina la mtu, na diski kubwa ikipungua kufikia sentimita 15 tunaivunja kwa nyundo ili isimshawishi yeyote. Nasoma pia tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye pete ya chuma katikati, kwa sababu gundi inayoshika diski inazeeka hata kama haijatumika. Dukani wakati mwingine zinauzwa bei rahisi, na tarehe inaeleza kwa nini.

Wiki hii tumefanya nondo za madirisha matatu, kipimo kilekile. Makadirio 39, zilizotumika 42. Kipisi wastani sentimita 5.8. Sikumwomba msamaha kijana kwa maneno, nilimpa glovu mpya na kumwambia safu ya maoni ni yake, aandike atakavyo. Kwa siku tano hakuandika kitu. Jana nimekuta mstari mmoja, mwandiko wa kulala kama nondo zilizoanguka: "Dada kioo cheupe kimejaa cheche sioni mchomo. Kile cheusi bado kizima."

Kesho nikipita mjini nichukue vioo vyeupe kumi.