Sili iliyokuwa mfukoni

Harusi ya mdogo wangu kule Lindi ilipita salama Jumamosi, gari letu likaharibika Mingoyo, tukafika usiku. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo kinachonikera ni sentensi moja tu.

Jumanne nilipeleka famasia fomu ya kujaza troli ya dharura ya wodi yetu. Nilikuwa nimekata sili, kile kifungo cha plastiki chenye namba, ya droo ya juu kwa ukaguzi wa tarehe za dawa wa kila mwezi, nikakuta adrenalini 4 badala ya 10. Kwenye fomu nikaandika "Adrenalini 10", na pale pa sababu, "kujaza troli". Mfamasia akafungua kitabu chetu cha ukaguzi, akapitisha kidole taratibu, kisha akasema mbele ya watu:

"Sista, hapa sili haijakatwa tangu tarehe 2. Sasa dawa zimekwenda wapi?"

Hakupandisha sauti. Akanirudishia karatasi, akaongeza, "Fomu yako inaomba, haielezi."

Zimekwenda wapi. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye bajaji, nikiosha vyombo, nikiswali. Miaka kumi na moja kazini, leo naulizwa kama mwizi! Nilimjibu "sawa Kaka" nikaondoka, na majibu yote mazuri yakanijia nikiwa nyumbani Shangani.

Jioni nikitoa vitu mfukoni mwa yunifomu ikadondoka ile sili ya plastiki niliyoikata asubuhi. Nikaisoma kwa mara ya kwanza: 004326. Kitabu kinasema droo ilifungwa kwa 004318.

Nilikaa chini. Maana yake droo ilifunguliwa, ikafungwa kwa sili nyingine, na hakuna aliyeandika. Na kila asubuhi mkaguzi ameweka tiki kwa sababu ameona sili ipo. Sili kuwepo hakuonyeshi kitu, kwa kuwa yeyote anaweza kufunga nyingine. Ushahidi ni namba yake ifanane na ya kitabuni. Tiki tano kati ya zile ni zangu mimi.

Jumatano nikaenda kwenye faili la yule mzee wa kitanda cha sita niliyemwandika hapa wiki mbili zilizopita. Usiku wa kuamkia tarehe 10 moyo wake ulisimama. Adrenalini ya kwanza saa 8:10 usiku, miligramu 1, kisha kila dakika nne, ya mwisho saa 8:30. Hesabu: dozi sita, na kila ampuli ina miligramu 1. Ampuli sita. Hatukufanikiwa kumrudisha mzee. Wenzangu wakampumzisha, wakazungumza na familia, wakachukua sili kwenye boksi lililo wazi juu ya troli, wakafunga droo bila kujaza. Siwezi kuwalaumu kwa usiku ule. Ila kwa siku 12 wodi ilikuwa na adrenalini nne, yaani kama dakika 15 za kufufua mtu, na sili ikatuambia ziko kumi.

Nikaandika fomu upya. Kiwango cha troli 10, zilizopo 4, zinazoombwa 10. Sababu: sita zilitumika usiku wa kuamkia tarehe 10, angalia karatasi ya dawa ya mgonjwa, nne zilizobaki zimeandikwa 09/2025, muda wake utaisha ndani ya miezi mitatu, zihamishiwe chumba cha dharura zitumike mapema. Ampuli ya 09/2025 ni halali hadi tarehe 30 Septemba, kwa hiyo si ya kutupa, lakini kwenye droo iliyofungwa ingelala mpaka ioze bila mtu kujua. Nikaongeza: sili ya 004318 ilibadilishwa bila kumbukumbu, sili za akiba sasa ziko kabatini kwa msimamizi wa zamu, na mkaguzi ataandika namba badala ya tiki. Nje ya droo tumebandika kadi yenye namba ya sili na tarehe ya dawa itakayotangulia kuisha, ili mtu asilazimike kukata ndipo ajue.

Mfamasia aliisoma yote akiwa amesimama. Akatia saini, akanihesabia ampuli kumi mkononi moja moja, akiinua kila moja kwenye mwanga kuona kama dawa imegeuka rangi. Kwa joto letu hili, troli ikikaa dirishani adrenalini huanza kuwa ya waridi, kisha kahawia, na hiyo haifai hata kama tarehe bado.

"Sasa inaeleza, Sista."

Nilifurahi kuliko nilivyotaka afahamu. Aliuliza swali sahihi. Mimi ndiye niliyelisikia kama tusi.

Mama yuko Newala, anapuliza salfa kwenye mikorosho na kikohozi chake kile kile. Nimempigia tangu jana mchana, simu inaita tu.