Taa iliyowahi kabla ya zamu yake

Juzi dada mmoja anayejifunza kazi kwetu aliniuliza: "Kaka, datashiti inasema geti hili linachelewa nanosekunde 9. Mbona mimi kwenye oskiloskopu naona karibu 80?" Nilimjibu haraka kwamba zile 9 ni za geti lenye mzigo wa pikofaradi 50 na ingizo lenye ukingo mkali, hakuna zaidi. Aliridhika. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea na nilichokuwa nikifanya, kwa sababu ile 80 naifahamu. Nilishakutana nayo.

Tuliwahi kuletewa bodi moja ya taa. Chipu 24 za 74HC595, kila moja ikisogeza biti kwenda kwa jirani yake, na waya mmoja wa kloki, mdundo unaoziamuru zisogeze, ukizigusa zote. Picha ilikuwa safi mpaka chipu ya tisa. Kuanzia ya kumi, kila kitu kilikuwa mbele kwa taa moja. Si mara moja moja: kila mara, palepale.

Waliotutangulia walikuwa wamebadilisha chipu ya kumi, na bodi ikapona. Baada ya muda tatizo likazuka kwenye chipu nyingine. Ikabadilishwa, ikapona, likahamia kwingine. Kwa hiyo kila mtu aliamini kwamba tumeuziwa chipu mbovu.

Dawa ya kwanza tunayoijua sote ni kupunguza kasi. Kama geti limechelewa, lipe muda. Tukashusha kloki, tukashusha tena, hadi tukaiondoa kabisa na kuweka swichi ya kubonyeza kwa kidole, tukiwa tumehakikisha haitoi midundo ya ziada. Mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi alibonyeza. Biti ikasogea. Akabonyeza tena. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya taa ya mwisho ya chipu ya tisa, nikiisubiri iwake. Mzee akabonyeza: ikawaka, na taa ya kwanza ya chipu ya kumi ikawaka papo hapo, kwa mbonyezo uleule. Biti moja ilikuwa imepita milango miwili kwa kloki moja. Mzee akaondoa kidole na kukaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kijana, hii haihitaji muda. Hapa kuna aliyewahi mno."

Tangu siku hiyo, hilo ndilo jambo la kwanza ninaloangalia. Hitilafu inayopona unapopunguza kasi maana yake data imechelewa kufika kabla ya kloki. Isiyojali kasi hata kwa mbonyezo wa kidole maana yake data mpya imefika kabla chipu inayofuata haijamaliza kuchukua ile ya zamani. Hakuna kasi ya kloki itakayoiponya, kwa kuwa mashindano yote hutokea ndani ya ukingo mmoja.

Tukaweka probu kwenye waya wa kloki. Nilitegemea kuona ukuta, nikaona mteremko. Kutoka chini hadi juu ulichukua kama nanosekunde 250.

Hesabu yake haikuwa ngumu. Kila ingizo la chipu lina pikofaradi chache, tuseme 4. Chipu 24 zinakaribia 100. Ongeza njia za shaba na utepe wa waya, tukafika karibu pikofaradi 300. Geti lililokuwa likiusukuma waya huo lina ukinzani wa ndani wa kama omu 50, na lingekuwa peke yake lingeumudu vizuri tu. Lakini mbele yake mtu alikuwa ameweka rezista ya omu 330 ili kutuliza mtetemo wa mawimbi kwenye utepe. Jumla omu 380, mara pikofaradi 300: nanosekunde 114. Kufika nusu ya volti ni 0.69 × R × C, yaani karibu 79. Ndiyo ile 80 ya dada yetu. Geti lenyewe halijabadilika hata kidogo. Limepewa mzigo mwingine tu.

Hata hivyo, kuchelewa huko peke yake kusingetudhuru. Kama chipu zote zingechelewa nanosekunde 80 kwa pamoja, picha ingekuwa safi. Tatizo ni kwamba chipu hazikubaliani ni wapi pa kuanza kuhesabu. Kwa familia hii, kwa volti 4.5, datashiti inaahidi kwamba chini ya 1.35 ni sifuri na juu ya 3.15 ni moja. Katikati hapo kila chipu ina kizingiti chake, na chipu za viwanda tofauti hutofautiana zaidi. Kwenye ukingo mkali tofauti hiyo haionekani. Kwenye mteremko wetu, uliokuwa ukipanda kama milivolti 22 kwa nanosekunde pale katikati, tofauti ya volti 0.6 inageuka kuwa nanosekunde 27.

Na chipu inatoa biti yake mpya kama nanosekunde 17 baada ya kuiona kloki. Basi ya tisa, yenye kizingiti cha chini, iliiona kloki mapema, ikatoa biti mpya, na biti hiyo ikawa tayari mlangoni kwa ya kumi kabla chipu hiyo ya kumi haijaamua kwamba kloki imepanda.

Kuthibitisha, Mzee hakuandika chochote. Alizing'oa ya tisa na ya kumi kwenye soketi zake, akazibadilishana nafasi. Aliyewahi akawa nyuma ya aliyechelewa, na hitilafu pale ikatoweka, bila chipu yoyote mpya. Nilielewa hapo kwa nini kila badiliko la zamani lilikuwa limeonekana kuwa tiba.

Marekebisho yalikuwa ya haraka. Chipu moja ya 74HC14: geti moja kupokea kloki, mengine manne kuigawa, kila moja likibeba chipu sita tu kupitia omu 47. Kila tawi likabaki na pikofaradi kama 75, na ukingo ukawa mkali kiasi kwamba ile tofauti ya volti 0.6 iligeuka kuwa chini ya nanosekunde 2. Tulichagua 74HC14 kwa sababu geti la kawaida likipewa mteremko, transista zake za juu na za chini hupitisha umeme pamoja kwa muda mrefu zikivutana, geti lenyewe likachelewa zaidi na wakati mwingine likatetemeka. Geti la 74HC14 lina vizingiti viwili, cha kupanda na cha kushuka, kwa hiyo towe lake hutoka kali hata ingizo likiwa la kujikokota.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba ile bodi ya mwanzo haikuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Datashiti nyingi za familia hii huruhusu ukingo wa hadi nanosekunde 500 kwa volti 4.5, na wetu ulikuwa nusu yake. Nadhani namba ile inahusu chipu moja isichanganyikiwe. Haiahidi kwamba chipu mbili zitakubaliana. Na aliyeweka omu 330 hakukosea kuona mtetemo, kwani tulipoitoa ulirudi kweli, na ni zile omu 47 ndizo zilizoutuliza. Kati ya 47 na 330 kuna mahali ambapo bodi ile ingefanya kazi kwa chipu zile, siku ile, kwa joto lile. Hatukupatafuta, na sina hakika kama ningepaamini hata tungepapata.