Mama na Mwana Katika Kiitikio Kimoja

Mwaka 1998 kwaya yetu mjini Iringa iliandaa igizo la kijana anayeondoka kijijini kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam. Niliandika wimbo wa kuagana: mama anaimba ubeti, mwana anajibu, mpaka kiitikio cha mwisho wanachoimba pamoja. Mwana nilikuwa mimi. Mama aliimbwa na mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye mwezi uleule alikuwa amemsindikiza mwanawe stendi.

Wimbo wote nilikuwa nimeuweka kwenye G, ufunguo unaonifaa mimi. Alipofika do ya juu, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mwanangu, hapa napiga kelele, siimbi," akasema. "Mama anayeaga hapigi kelele."

Tukashuka hadi D. Yeye akatulia, lakini noti zangu za chini zikafia kifuani. Mpiga kinanda ndiye aliyepata njia: beti za mama zibaki D, za mwana ziwe G. Mama anamalizia kwenye do, nami naipokea noti ileile na kuifanya so yangu. Kumrudishia, namalizia kwenye so, naye anaianza kama do. Ilikuwa kama kupokezana mzigo bila kuuweka chini.

Kiitikio kilibaki G. Mimi nilishika sauti kuu, yeye akapita juu yangu kidogo tu: nikiimba mi, fa, so, yeye so, la, ti. Noti zilikaa vizuri, ila maneno yalikuwa vurugu. Yeye aliimba "Nani atanichotea" huku mimi naimba "Basi lanisubiria". Mizani ni nane kwa nane, lakini waliokaa nyuma hawakuambulia hata neno moja.

Usiku ule niliandika upya. Mama: "Nenda mwanangu salama, usisahau nyumbani." Mwana: "Naenda mama salama, sitasahau nyumbani." Kila mmoja anaanza na lake, kisha midomo inakutana kwenye "salama", inaachana kidogo, inakutana tena kwenye "sahau nyumbani". Hapo ndipo sauti mbili zilipoanza kushikana.

Bado kulikuwa na ile "a". Yeye aliifungua wazi, mimi niliibana, na kwenye noti ndefu ulisikia watu wawili. Akanisogelea, akanigusa taya. "Fungua kama mimi, mwanangu." Nikafungua. Mpiga kinanda akainua kichwa kututazama.

Siku ya igizo tulivuta pumzi pamoja baada ya "salama". Niliona mabega yake yakipanda na yangu. Kwenye "nyumbani" sauti yake ikatetemeka. Nikaipunguza yangu isimzidi, tukaishikilia ile "ni" ya mwisho pamoja mpaka kinanda kikanyamaza.