Hesabu ya kutoa

"Shangazi, nikimaliza mtihani nipeleke Nairobi nikapigwe leza, nitupe miwani." Ujumbe wa mtoto wa kaka yangu uliingia jana usiku. Ana miaka 17 na namba zake zinapanda kila anapopimwa. Nimeusoma nikakumbuka siku niliyopimwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, kabla sijapigwa leza mimi mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa na -5.50 macho yote mawili. Nilikuwa nimeacha lenzi za macho wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu lenzi huigandamiza konea ikabadilika umbo, na vipimo vikadanganya. Daktari alinitia tone la ganzi, akaniambia nitazame taa ya kijani ukutani, kisha akaigusisha konea na kipimo chenye ncha ndogo kuliko ya kalamu. Sikuhisi kitu, nilisikia mlio tu. Alirudia mara kadhaa kila jicho, akachukua namba ndogo kuliko zote: 478.

Hizo ni mikroni za unene wa konea, yaani hata nusu milimita haifiki. Watu wengi wako karibu na 540.

Akageuza karatasi ya vipimo, akaandika 478 kwa kalamu ya bluu. "Dada, tazama hapa. Ukitaka leza ya kukata kifuniko cha konea na kukifunua, kifuniko kinachukua 110." Akatoa. "Kuondoa namba zako, kila dayopta moja, yaani kila namba 1 ya miwani, inakula kama 14, kwa hiyo 77." Akatoa tena. Chini ikabaki 291. Akaizungushia duara, akanyamaza kidogo. Akaniambia madaktari wengi hawakubali kabisa kushuka chini ya 250, lakini yeye anataka ibaki 300, kwa kuwa konea iliyochongwa mno hudhoofika, ikasukumwa mbele na shinikizo la jicho, ikaanza kuchongoka. Ikifika hapo hata miwani haikusaidii vizuri.

Nilimuuliza kama 9 pungufu ni kitu gani. Akasema, "Ni 9 ambazo sitaweza kukurudishia."

Akanipa njia ya pili: kukwangua ngozi ya juu ya konea tu, kama mikroni 50, bila kukata kifuniko, kisha leza ifanye kazi yake. Hapo chini ingebaki 351. Gharama yake ni maumivu ya siku chache, na kuona kunarudi polepole. Kabla ya kunikubalia alitazama ramani ya konea, mbele na nyuma, akitafuta dalili za kuchongoka. Aliniambia lau angeiona hata ya mwanzo, angenirudisha Mombasa na miwani yangu, konea iwe nene kiasi gani. Mwisho akanitundikia kikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika 5 apime machozi. Kililowa milimita 12. Kuanzia 10 huwa wanaridhika, ila alinionya kwamba kazi yangu ni ya kompyuta chini ya kiyoyozi.

Leza yenyewe ilikuwa ya sekunde chache kila jicho, na harufu ya nywele zilizoungua. Siku tatu za mwanzo nililala chumba chenye giza, lenzi laini ya kukinga kidonda ikiwa juu ya jicho.

Ukavu ndio ulionikalia. Mishipa ya fahamu ya konea ndiyo inayoliambia jicho litoe machozi na kope zipepese, na leza huiondoa pamoja na nyama ile. Mpaka iote upya, jicho halijui kwamba limekauka. Nilikuwa nikiamka alfajiri kope zimeshika, nikizifungua nahisi mchanga. Mbele ya kompyuta maandishi yalififia, nikipepesa yanarudi; hiyo ndiyo alama kwamba tatizo ni machozi wala si namba. Nilitumia matone yasiyo na dawa ya kuhifadhi, yale ya vichupa vya siku moja, karibu miezi 6. Hadi leo yamo mkobani.

Nilichopata: kushoto 6/6, yaani naona kawaida, kulia imebaki -0.50. Usiku taa za magari zina duara hafifu. Na sasa nimevuka 40, kusoma nahitaji miwani, kwa sababu leza huchonga konea tu, haigusi lenzi ya ndani inayokakamaa kwa umri. Hata hivyo asubuhi naiona saa ya ukutani nikiwa kitandani, na hilo bado linanifurahisha.

Huyu kijana namba zake lazima zitulie angalau mwaka mzima kwanza. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni mzio wake. Tangu mdogo anafikicha macho kwa ngumi, na kufikicha huko huenda pamoja na konea kuchongoka. Nimempigia kaka ampeleke akapigwe ramani ya konea likizo hii, leza iwepo isiwepo, na atibiwe huo muwasho. Ombi lake lenyewe bado sijalijibu.