Wiki ya majiko ya presha

Mwaka 2023 nilikuwa nasimamia matangazo ya mtandaoni ya duka moja la vyombo Kariakoo, lililokuwa limeanza kuuza majiko ya presha ya umeme. Mwenye duka, mama mmoja mwenye msimamo, alikuwa na swali moja tu: watu wa Dar es Salaam wanunue jiko hili kwa sababu gani? Alikuwa ameshalipia matangazo mengi kabla sijaja, lakini jibu hakuwa nalo. Nilipofungua akaunti yake nikaona kwa nini. Tangazo moja lilikuwa na picha ya jiko, bei ya ofa na maneno ya kuokoa umeme. Jingine lilikuwa video ya binti anapika makande, bila bei, likizungumzia muda, tena limeelekezwa kwa wanawake pekee. Moja lilipofanya vizuri kuliko jingine, hakuna aliyeweza kusema ni bei, ni video, ni makande au ni walengwa.

Tukakaa stoo, mimi, mama na kijana wa kuhariri video, tukiwa na daftari. Kabla ya kupanga lolote nilitaka tukubaliane kipi tukiite dhana mpya na kipi tukiite toleo la dhana ileile. Kipimo nilichopendekeza kilikuwa hiki: funga macho, sahau picha, muziki na rangi, kisha ujiulize tangazo linampa mtu sababu gani ya kununua. Sababu ikibadilika, hiyo ni dhana mpya. Ikibaki ileile, hata kama video imepigwa upya yote, hilo ni toleo.

Kijana akauliza swali zuri. "Kaka, je, tukimtoa binti tukamweka mama lishe?" Hapo tulibishana sana. Mama lishe akisema maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme, sababu bado ni gharama, kwa hiyo ni toleo, ingawa ni toleo kubwa. Akisema jiko linamwachia mikono ahudumie wateja, sasa anauza muda, na hiyo ni dhana nyingine. Naona mabishano yale ndiyo yaliyotusaidia kuliko kitu kingine chochote, maana bila hayo tungekuwa tunapima sura za watu huku tukidhani tunapima mawazo.

Tulipata dhana nne: gharama ya umeme, muda, usalama wa mvuke, na ladha. Mama alitaka zote nne zipimwe pamoja. Pesa ikakataa. Tulikuwa na shilingi 320,000 kwa wiki, na mazungumzo mamoja ya WhatsApp yalikuwa yanamgharimu kama shilingi 2,000. Meta yenyewe, wenye Facebook na Instagram, inaeleza kwamba kila seti, yaani kundi la matangazo lenye walengwa wamoja, inahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili mfumo utoke kwenye hatua ya kujifunza nani wa kumwonyesha. Hamsini mara 2,000 ni laki moja kwa seti. Kwa hiyo tulimudu dhana tatu. Ladha ikasubiri.

Kila dhana niliipa seti yake na bajeti yake, shilingi 15,000 kwa siku, na nikazima kile kitufe cha Advantage campaign budget kinachoruhusu mfumo kuhamisha pesa kutoka seti moja kwenda nyingine. Ukiziacha dhana zote ndani ya seti moja, mfumo huchagua kipenzi chake mapema sana, unakimwagia pesa, na tangazo lililoonwa na watu wachache linahesabiwa limeshindwa wakati halikupewa nafasi. Kisha nikaziunganisha seti zote kwa A/B test, ili mtu aliyeingia upande wa gharama asionyeshwe tangazo la muda.

Ndani ya kila seti tuliweka video mbili, kwa sababu dhana nzuri inaweza kuuawa na video mbaya. Vingine vyote tulivigandisha: binti yuleyule, jiko lilelile, maharage yaleyale, bei ileile, urefu uleule, kitufe kilekile cha WhatsApp. Majina nayo yalifuata mpangilio, ili yeyote akisoma ripoti ajue anachokiona:

```
D1-T1_gharama_mwanzo-binti
D1-T2_gharama_mwanzo-mita
```

Alhamisi mama akapiga simu. Gharama inaongoza, kwa nini tusiiongezee pesa? Nikamwomba avumilie. Kubadilisha bajeti kwa kiasi kikubwa katikati ya jaribio huweza kurudisha seti kwenye kujifunza upya, na mizani yetu ingeharibika palepale. Tena tulihitaji wiki kamili, maana watu wa Jumanne wakiwa kazini hawafanani na watu wa Jumapili wakiwa nyumbani. Alivumilia, na namshukuru mpaka leo.

Wiki ilipokwisha, gharama ilikuwa na mazungumzo 61, muda 44, usalama 23. Mama akataka tuzime muda na usalama pamoja. Nikachukua daftari. Seti mbili zikiwa zimetumia pesa sawa, jumlisha mazungumzo yao, tafuta kipeuo cha pili, kizidishe kwa mbili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, inaweza kuwa bahati tu. Gharama na usalama: 84, kipeuo chake kama 9, mara mbili 18, na tofauti ni 38. Usalama umeshindwa kweli. Gharama na muda: 105, kipeuo kama 10, mara mbili 20, na tofauti ni 17. Hapo hatukuwa na ruhusa ya kutangaza mshindi. Muda ukabaki hai.

Wiki iliyofuata tukashuka kwenye matoleo ya gharama, tukibadilisha sekunde tatu za mwanzo peke yake: binti anaongea, mita ya LUKU inaonyesha uniti, au mfuniko unafunguliwa na mvuke unapanda. Kuanzia sekunde ya nne video ni moja. Kijana aliniletea toleo la mvuke likiwa na muziki mwingine, akisema mwanzo ule ulidai mdundo wake. Masikio yake yalikuwa sahihi, lakini nilimwomba arudishe muziki wa awali. Mvuke ungeshinda na muziki mpya, tungemsifu nani?

Mvuke ulizuia watu wengi zaidi wasipite zile sekunde tatu. Kwenye mazungumzo, mita iliuacha mbali. Maelezo yangu, ambayo jaribio lile halikuyathibitisha, ni kwamba mvuke uliita kila apendaye chakula, na mita ikaita aliyekuwa anawaza bili. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba muda wa kutazama utatuonyesha tu mahali watu wanapotoroka, na uamuzi utafuata mazungumzo.

Katika mazungumzo hayohayo swali moja lilijirudia, na mama ndiye aliyeligundua kwa kuwa alikuwa anajibu mwenyewe: je, wali wake unatoa ukoko? Kijana alitaka kuongeza sentensi ya ukoko mwishoni mwa video ya mita. Mama akamkatalia kabla sijafungua mdomo. "Huyu hawazi umeme, mwanangu. Huyu anawaza chakula chake." Akaandika kwenye daftari D4, ladha, seti yake peke yake, shilingi 15,000 kwa siku, na kijana akaenda kutafuta mchele.